Ratiba ya Jumapili Iliyopimwa Jumatano

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imekwisha kunyolewa, nilipoarifiwa kwamba nimethibitisha jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kinyozi yule nilimfundisha historia alipokuwa kijana, na tangu hapo hajaacha kuniita mwalimu, hata anaponidai ujira wa wembe. Alizima mashine, akafuta nywele begani mwangu, akasema:

"Mwalimu, hongera. Siku hizi na wewe umo mtandaoni."

"Nimo wapi?"

"Si hapa?" Akanishikia simu yake mbele ya uso. "Tena umependeza. Koti la harusi hilo."

Niliiona picha yangu. Ni kweli lilikuwa koti la harusi, na picha ilipigwa katika harusi ya mpwa wangu. Chini yake paliandikwa kwa herufi nyeupe: "Ratiba hii imehakikiwa na mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Tabora." Nilimwuliza ni ratiba gani. Akacheka, akidhani namtania.

Nilimwomba anirudishie mwanzo, kisha anipitishe polepole. Ulikuwa ni ule mfululizo wa picha ambao mtu anausogeza kwa kidole, slaidi baada ya slaidi, kama anayefungua kurasa. Ya kwanza ilikuwa jalada: "WIKENDI TABORA. Siku mbili, muda wako, bajeti yako." Zilizofuata zilipangwa kwa utaratibu mmoja. Juu ni mahali, pembeni ni saa, chini yake ni gharama, na mwisho kabisa ni mkanda wa njano ulioandikwa "Kidokezo". Ijumaa jioni kuwasili na kulala. Jumamosi asubuhi soko na asali. Mchana chakula, jioni miembe ya misafara. Jumapili saa tatu asubuhi tembe la kale, nyumba ya udongo ya zama za misafara, lililo upande wa Kwihara, saa sita kuondoka. Kisha slaidi ya jumla ya gharama kwa mtu mmoja, slaidi ya malazi yenye jina la nyumba ya wageni ya binti yangu huko Cheyo, na mimi na koti langu nikifunga hesabu.

Sitakana kwamba kazi ilikuwa nadhifu. Rangi zilipatana, maandishi yalisomeka hata na macho yangu, na nauli za bajaji zilikuwa zile tunazotozwa sisi wenyeji, si zile wanazotajiwa wageni pale stendi. Palikuwa na kidokezo kwamba majengo yenye walinzi hayapigwi picha, na kingine kwamba asubuhi za Julai hapa kwetu zinadai sweta. Hayo ni maneno ya mtu aliyechunguza. Ndiyo maana yaliyosalia yalinikasirisha maradufu, kwa kuwa uongo uliochanganywa na ukweli hupita mlangoni bila kuulizwa.

Slaidi ya asali ilisema: "Asali halisi haigandi kamwe. Ukiiona imeganda, usinunue." Nimekula asali ya miombo tangu sijaota meno ya ukubwani, na kila mrina asali wa nchi hii atakwambia kwamba asali safi huganda, hasa miezi ya baridi, na kwamba ukiipasha moto taratibu inarudi kuwa majimaji. Aliyeandika sentensi ile aliisikia mahali, akaipenda, akaipaka rangi ya njano.

Slaidi ya miembe ilinitoa kitini na kitambaa shingoni. "Kila mwembe unaouona hapa uliota kutokana na kokwa iliyotupwa na mtumwa aliyepita na msafara. Wanahistoria wanasema." Na picha iliyowekwa, yenye jua la jioni likipenya katikati ya majani, ilikuwa ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya wazazi wangu. Mwembe huo aliupanda baba yangu. Mche alipewa na jirani yetu wa misheni, na mimi ndiye niliyetumwa kuumwagilia kwa kopo la samli kila jioni, kiangazi kizima, nikinung'unika. Hakuna msafara uliowahi kuutemea kitu chochote.

"Mwalimu, sijamaliza upande huu," kinyozi alisema.

Nilimwambia amalize upesi.

Kutoka kwa kinyozi mpaka nyumbani kwa binti yangu nilikwenda kwa miguu, kwa kuwa nilitaka hasira ipungue njiani. Haikupungua. Inafaa nieleze nyumba ile ilikuwa katika hali gani, maana bila hilo mtu atadhani niligombana na mtoto kwa sababu ya picha.

Binti yangu na marehemu mumewe waliijenga kwa ajili ya watoto wengi ambao hawakuwapata. Walimpata mmoja, mjukuu wangu, ndiye aliyeipanga ratiba ile. Mume alipofariki, binti yangu aliigawa sehemu ya sebule ile ndefu, akaweka vitanda, vyandarua na mabeseni, akaandika ubao mlangoni. Wageni walikuja wachache, wengi wao ni maofisa waliokosa nafasi kwingine. Mfanyabiashara mmoja wa tumbaku alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuiangalia, akitaka kuipanga yote iwe ofisi na makazi ya watu wake. Binti yangu alimwambia bintiye waziwazi: kiangazi hiki ndicho cha mwisho. Vyumba vikijaa, tunaendelea. Visipojaa, nyumba inakwenda kwa mtu wa tumbaku na wewe unatafuta kazi kama wenzako. Mjukuu wangu alikuwa amemaliza chuo, na ile nyumba ndiyo kazi pekee aliyoipenda. Alipiga picha, akaandika, akaposti. Na mfululizo ule ukafanya ambacho ubao haukufanya: kundi la wafanyakazi wa ofisi moja huko Mwanza likakodi gari, likaagiza vyumba vyote kwa siku mbili. Walikuwa wanafika jioni ya siku ileile, Ijumaa, na kiongozi wao alikwisha kusema kwamba wakiridhika, idara nyingine zitafuata kila mwezi.

Nilimkuta anakunja taulo sebuleni, akizipa umbo la bata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani alikupa ruhusa ya kunivisha uongo?"

Akaweka bata chini. "Babu, uongo gani?"

"Nimehakiki nini mimi? Lini? Uliniletea karatasi nikaisoma?"

"Si nilikuuliza habari za miembe? Ukaniambia wapo wanaosema hivyo."

"Nilisema wapo wanaosema. Sikusema ni kweli. Mtu anayesema wapo wanaosema anakuonya, hakuthibitishii!"

"Kwenye slaidi huwezi kuweka 'wapo wanaosema', babu. Watu wanasoma sekunde moja wanasogeza. Inabidi useme moja kwa moja."

"Basi sema moja kwa moja lililo kweli. Sema mwembe huu ulipandwa na babu yake babu yangu, kokwa ya misheni, bure, saa yoyote."

"Baba yake babu," alinisahihisha, na nikaona anazuia kicheko. "Huyo nani atasafiri kutoka Mwanza kuja kumwona?"

Sikucheka. Nilimwagiza aziondoe slaidi tatu: ya asali, ya miembe na ya koti. Hapo akanieleza, kwa subira ya mtu anayemweleza mzee, jinsi mambo yale yanavyokwenda. Picha ikikwisha kupostiwa, maneno yaliyo ndani yake hayabadiliki. Yale ya chini ya posti unaweza kuyahariri, lakini si yaliyochorwa kwenye picha. Slaidi moja unaweza kuifuta ikatoweka katikati, ila huwezi kuingiza nyingine iliyosahihishwa mahali pake, na ratiba inabaki na pengo la Jumamosi. Ukitaka kusahihisha unafuta posti nzima na kuanza upya, na ukifuta, unapoteza maoni yote na wote waliokwisha kuihifadhi ili waje kuisoma siku ya safari.

"Na waliohifadhi ni wengi, babu. Hao ndio wateja. Mtu hahifadhi kitu asichotaka kukifanya."

"Wamehifadhi makosa."

"Wamehifadhi Tabora!"

Mama yake alitoka jikoni na mikono yenye unga. Alikuwa amesikia yote. "Baba, nakuomba. Wageni wako Nzega sasa hivi, dereva amepiga. Ngojea wapite. Jumatatu atafuta, atachora, utasoma wewe mwenyewe neno kwa neno. Leo niachie."

"Na picha yangu?"

"Baba, picha yako haijamla mtu."

Nilikubali kungoja kwa sharti moja: mimi ningefuatana na kundi lile siku zote mbili, na popote slaidi ilipokosea ningesema. Mjukuu wangu alimtazama mama yake. Mama yake alinitazama mimi, akarudi jikoni, nami nikalichukua hilo kuwa ndiyo.

Wageni walifika giza linaingia, wamechoka na wamechangamka. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo mwenye sauti iliyozoea kuita watu kwenye mikutano. Alikuwa amezichapisha slaidi zote kwenye karatasi za rangi na kumgawia kila mmoja. Niliziona zile karatasi mikononi mwao. Kitu ambacho mjukuu wangu alisema kitafutwa Jumatatu kilikuwa kimekwisha kutoka mtandaoni na kukaa mifukoni.

Jumamosi ilikwenda vizuri, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndiko lilikotoka kosa kubwa: sisi sote tulianza kuiamini ratiba. Sokoni kijana mmoja wa kundi lile aliikataa chupa ya asali iliyoganda, akimwonyesha muuzaji karatasi kama hati ya mahakama. Nilimnyang'anya ile karatasi. Niliwaeleza asali ilivyo, muuzaji naye akaongeza ya kwake, na mwisho walinunua hiyo iliyoganda pamoja na ile ya nyuki wadogo ambayo bei yake ni ya juu kwa kuwa mzinga wake hutoa kidogo. Kijana yule alinitania: "Mzee, sasa ni slaidi inayosema kweli au mtu aliye kwenye slaidi?" Wenzake walicheka. Nilimjibu kwamba mtu ana umri mkubwa kuliko slaidi. Mchana walikula ugali, kuku wa kienyeji na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vilivyopikwa na karanga za kusaga, kwa gharama ileile iliyoandikwa. Jioni niliwapeleka kwenye mwembe wa baba yangu nikawaambia ni wa baba yangu. Walipiga picha vilevile. Kiongozi wao alisema, bila ubaya, kwamba mwembe huo walau una mwenyewe wa kuulizwa.

Tulipokuwa tunarudi, yeye alitembea kando yangu. Alinieleza kwamba asali na kuku wangepata hata kwao. Walichokijia ni tembe. Baba yake mzazi alimsimulia kwamba watu wa ukoo wao walikuwa wapagazi wa misafara, waliobeba mizigo kutoka huku hadi pwani na kurudi, na yeye hakuwahi kuiona nyumba hata moja ya zama zile. "Kesho saa tatu, mwalimu," alisema. "Nimewaambia wote wasichelewe."

Nilisema ndiyo. Kisha, kwa mazoea ya kazi yangu ya zamani, nikaanza kuipitia slaidi ile kichwani. Tembe lenyewe si lile la makumbusho linalojulikana. Hili ni la ukoo mmoja: kuta nene za udongo, mlango wa mbao wenye nakshi, paa la chini, na vyumba vinavyouzunguka ua. Ukoo huo unalitunza wenyewe, na ufunguo anashika mmoja wao aliyekubaliwa na ndugu. Mgeni hulipa kiingilio kidogo kinachokarabati paa. Saa ilikuwa ni sahihi? Kiingilio kilikuwa sahihi, nilikijua. Barabara ilikuwa kavu. Lakini kesho ilikuwa Jumapili.

Nilimwita mjukuu wangu uani, alikokuwa anaanua mashuka.

"Ulipokwenda kupima ile safari ya tembe, mlifika saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro kidogo. Nilipima dakika za bajaji, babu, hiyo huwezi kunishika. Mwenye ufunguo alikuwa amekaa pale pale mlangoni. Akatufungulia, akatutembeza. Kila kitu."

"Siku gani?"

"Nini?"

"Ilikuwa siku gani ya juma?"

Akalikumbatia shuka. "Jumatano."

"Nakuuliza Jumapili. Ratiba ni ya Jumapili. Jumapili ulikwenda lini?"

"Babu, Jumapili mimi nipo kanisani. Nyumba nzima tupo kanisani. Ningekwendaje?"

Nilimtazama mpaka akayasikia maneno yake mwenyewe. Sisi ni Wamoravian. Katika maisha yake yote hakukosa ibada ya Jumapili ila alipougua, na hapakuwa na mtu aliyemzunguka aliyeikosa. Alipanga wikendi ya wageni kwa siku za kazi, kwa sababu Jumapili yake mwenyewe ilikuwa ya kanisa. Wala hakumdhania mwenye ufunguo kuwa na kanisa lake. Yule bwana ni Mkatoliki, mwimbaji wa kwaya tena, na Jumapili ukoo mzima hufunga mlango na kwenda misa. Ufunguo huenda naye mfukoni.

"Nimpigie," alisema, akiitoa simu.

Alimpata. Niliisikia sauti ya yule bwana kwenye kipaza sauti, na nyuma yake sauti za watu wengi. Alikuwa Isikizya, nje ya mji, msibani kwa shemeji yake. Angerudi usiku, na asubuhi ni misa, tena kwaya yao ndiyo inayohudumu. "Waje baada ya misa, mwanangu. Saa saba hivi nitakuwa nimekwisha kufika nyumbani." Mjukuu wangu alimwomba aache ufunguo kwa mtu. Alijibu kwa upole kwamba ufunguo ule hauachwi kwa mtu. Ndugu zake walimpa yeye.

Saa saba gari la wageni lingekuwa limeshaondoka, liko njiani kwenda Nzega. Dereva alikuwa na safari nyingine alfajiri ya Jumatatu.

"Babu, usiwaambie," mjukuu wangu alisema. "Nakuomba. Asubuhi nitasema amepata dharura. Si ana msiba? Si uongo. Ni msiba kweli."

Sijui kama nimewahi kumkasirikia mtu wa damu yangu kama nilivyomkasirikia saa ile. Msiba wa mtu mwingine kuwa kifuniko cha uzembe! Nilimwambia kwamba kosa lake la kwanza lilikuwa la kutojua, na ningeweza kulisamehe, lakini hili la pili alikuwa analitenda mbele ya macho yangu huku akijua. Nilimwambia kwamba watu wale walilipa kwa sababu ya uso wangu, uso aliouweka pale bila kuniuliza, na kwamba uso huo sasa ungesema. Nilisema mengine pia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, na mama yake alitoka.

"Baba, utawafukuza."

"Wamekwisha kufukuzwa. Hawajajua tu."

"Wakilala wakiwa na furaha wanalipa siku mbili. Asubuhi tutaomba radhi, watu wanaelewa. Ukiwaambia sasa..." Hakumaliza. Alijifuta macho kwa kiwiko. "Unajua hii nyumba inangoja nini."

Nilijua. Niliingia sebuleni nikijua. Wageni walikuwa wanakunywa chai, wanataniana nani alikoroma njiani. Nilisimama, nikawaambia kwamba slaidi ya Jumapili si kweli, kwamba tembe litakuwa limefungwa mpaka saa saba, kwamba safari ile ilipimwa siku ya kazi, na kwamba mimi sikuihakiki ratiba ile ingawa picha yangu inasema hivyo. Niliwaambia wakiweza kuahirisha kuondoka, ningewapeleka mwenyewe. Nikaongeza kwamba wasipoweza, ningewasimulia usiku ule ninayoyajua juu ya wapagazi na nyumba zao.

Kiongozi wao aliweka kikombe chini polepole.

"Mzee, hatukuja kusikiliza hotuba."

"Natambua."

"Hapana, hutambui. Nimewatoa watu Mwanza. Nimesimama mbele ya ofisi nikasema, hii imehakikiwa, ina mwalimu. Nilikuamini wewe, si yule binti. Na tangu jana uko nasi, unasahihisha asali! Asali, mzee! Hili ulikuwa unalingojea nini?"

"Nimelijua saa hii."

"Basi ulihakiki nini siku mbili hizi?"

Kiongozi alimwita dereva, wakashauriana. Dereva alikataa kuchelewa, na sikumlaumu. Kama hakuna tembe, kiongozi akasema, hakuna la kungojea hadi mchana. Wangeondoka alfajiri, na usiku wa pili aliokwisha kuuagiza hangeulipa kwa bei kamili. Binti yangu alikubali bei aliyoitaja bila kubishana. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na shuka lake lilelile.

Waliondoka jua halijachomoza, kwa baridi. Yule kijana wa asali alinipungia mkono dirishani. Kiongozi hakugeuka. Baadaye tuliyasoma maoni yake chini ya posti, ya kwanza kwenye orodha, wengine wakiyapigia kopa za kuyakubali: "Jumamosi ni nzuri. Jumapili ni uongo. Waliofanya hivi hawajawahi kwenda Jumapili. Mzee alituambia ukweli, lakini baada ya kutupotezea safari." Hakuna neno hapo ninaloweza kulipinga.

Tulikwenda kanisani sote watatu.

Jumatatu mjukuu wangu aliifuta posti. Aliifuta yote, pamoja na waliohifadhi na maoni. Haikusaidia sana kama alivyotumaini, maana watu walikuwa wameipiga picha kwenye skrini zao na kuitumiana katika makundi, na mpaka leo inazunguka. Mwenye ufunguo aliniambia kwamba Jumapili kadhaa amerudi kutoka misa akakuta watu wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe, wamenuna, wakimwonyesha picha ya mzee mwenye koti. Mtu akiniuliza kwa nini nachukia uvumi, namwelekeza huko.

Mfanyabiashara wa tumbaku alikuja wiki iliyofuata na futi ya kupimia. Binti yangu alimtembeza chumba kwa chumba. Walipofika kwenye kile chenye dirisha la uani, binti yangu alimwomba ampe mwezi mmoja wa kufikiri, na mtu yule akasema hana mwezi. Msimu wake haumngoji mtu. Walikubaliana siku ileile. Nilikuwepo. Binti yangu hakunilaumu kwa neno hata moja, jambo lililoniumiza kuliko ambavyo lawama ingeniumiza, na aliponiona nataka kusema, alisema yeye: "Baba, wewe ulisema kweli. Mimi nilikuwa nahitaji wageni. Acha."

Lakini hasira yangu na mjukuu haikuishia hapo, wala sidhani kwamba ilipaswa. Nilimwambia kwamba kama anataka kazi hii, ajifunze kwamba ratiba ni ahadi yenye siku na saa, na ahadi haipimwi siku nyingine. Kisha Jumapili moja hakuja kanisani. Mama yake alihuzunika, nami nikatoa maneno makali nikidhani amekata tamaa. Alirudi alasiri, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amekaa nje ya tembe tangu saa tatu, akiangalia nani anapita, saa ngapi mlango unafunguliwa, bajaji zinapatikana au la baada ya ibada, na mama lishe gani wanapika siku hiyo. Jumapili iliyofuata alikwenda tena, upande mwingine. Niliudhika kwamba alikosa ibada, na nilimwambia. Akaniambia kwamba mchungaji ameudhika pia, na kwamba angerudi kanisani akimaliza.

Alipomaliza aliniletea slaidi mpya kwenye simu, moja moja, nami nikazisoma nikiwa nimevaa miwani, pale pale barazani, wakati watu wa tumbaku wakiingiza meza zao na makabati ya chuma. Ya asali ilisema asali huganda. Ya mwembe ilitaja misheni na kopo la samli. Ya Jumapili ilisema: "Asubuhi hapa watu wako ibadani. Maduka mengi na nyumba za kale zimefungwa. Tembe linafunguliwa baada ya misa, kuanzia saa saba. Panga kuondoka alasiri, au lala hadi Jumatatu." Niligombana naye juu ya nauli moja na juu ya neno "maarufu", ambalo nilimtaka alitoe kwa kuwa hakuna aliyelipima. Alilitoa, amekunja uso.

Kisha alisogeza kidole, ikaja slaidi ya malazi. Mahali palipokuwa na jina la nyumba ya mama yake aliandika nyumba nyingine tatu za wageni, kila moja na bei yake, alizozitembelea mwenyewe na kulala usiku mmoja mmoja kwa fedha yake. Chini, kwenye mkanda wa njano, aliandika kwamba nyumba ya Cheyo iliyotajwa katika ratiba ya zamani haipokei wageni tena.

"Hiyo ya mwisho uitoe," mama yake alisema kutoka mlangoni, akiwapisha wabeba makabati. "Kwani lazima kila mtu ajue?"

"Watakuja na mizigo, mama. Watabisha hodi watu wa tumbaku wamelala."

Binti yangu alitazama ndani, mahali vitanda vilipokuwa. "Basi iache," alisema, na akaenda kuwaonyesha wale watu umeme unazimiwa wapi.